Senti Moja Inapopotea Kwenye Ankara

Chukua kampuni ya Nairobi inayotuma ujumbe mfupi kwa niaba ya maduka, kila ujumbe shilingi 1.15. Mwisho wa mwezi duka limetuma 10,000, kwa hiyo linadaiwa shilingi 11,500. Ankara inatoka imeandikwa 11,400. Hakuna aliyeiba. Shilingi 100 zimepotea pale programu ilipogeuza bei kuwa senti:

```
>>> 1.15 * 100
114.99999999999999
>>> int(1.15 * 100)
114
```

Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu. Sisi tukigawa 1 kwa 3 tunapata 0.333 isiyokwisha; kompyuta hupatwa na hali hiyohiyo ikigawa 1 kwa 10. Katika mfumo wake, sehemu inayokwisha ni ile ambayo chini yake pana 2, 4, 8 na kuendelea: nusu, robo, thumuni. Sasa 1.15 ni 23 kwa 20, na ndani ya 20 mna 5. Basi aina ya namba iitwayo `FLOAT` hukata mkia mahali fulani na kuhifadhi thamani iliyo karibu, ambayo hapa imepungua kidogo mno chini ya 1.15. Upungufu huo hauonekani mpaka mtu akate desimali badala ya kukadiria, kama `int` inavyofanya hapo juu.

Ndiyo maana mafundi makini wa mifumo ya malipo huhifadhi senti nzima. Safu ya hifadhidata huwa `BIGINT`, na bei ya ujumbe ni 115. Mara 10,000 ni 1,150,000 kamili. Nukta huwekwa mwishoni kabisa, ankara inapoonyeshwa kwa mteja.

Hata hivyo, senti nzima hazimalizi suala la kodi. Bidhaa ya senti 333 ikitozwa VAT ya asilimia 16, kodi ni senti 53.28, inayokadiriwa kuwa 53. Bidhaa tatu za namna hiyo zikikadiriwa mojamoja, kodi ni 159. Zikijumlishwa kwanza, 999 hutoa 159.84, yaani 160. Hesabu zote mbili zina mantiki. Kosa ni ankara kutumia moja na ripoti ya mhasibu nyingine. Kampuni lazima ichague njia moja na kuishika kila mahali.

Kisha kuna sarafu zenyewe. Shilingi ya Kenya ina senti 100, lakini viwango vya kimataifa vya ISO 4217 vinaihesabu shilingi ya Uganda kuwa haina sehemu ndogo, na rial ya Oman ina baisa 1,000. Rial 19.500 huhifadhiwa kama 19500. Programu iliyozoea kugawa kwa 100 itamdai mteja wa Maskat rial 195, mara kumi ya deni lake. Kwa hiyo kando ya kila kiasi huwekwa msimbo wa sarafu, `KES`, `UGX` au `OMR`, na programu huusoma kabla ya kuweka nukta.