Sufuria Iliyooshwa Alfajiri

Mzee amekufa usiku, kijijini. Jioni alikula ugali na mchicha uliopikwa na mke mdogo. Alfajiri, kabla msiba haujatangazwa, jirani aliyetoka kuchota maji anamwona mke mdogo akisugua sufuria kwa majivu, kisha akifukia kitu nyuma ya jiko. Msomaji akifika hapo ameshahukumu, naye amekosea. Mke mdogo hakuua.

Kila mwandishi wa hadithi za upelelezi hufanya hivi: humwekea msomaji dokezo la kumzuga, ili macho yaende kushoto wakati jambo lenyewe liko kulia. Msomaji hakasiriki kuzugwa, maana ndicho alichokifuata. Anachokasirikia ni kudanganywa. Tofauti ya mambo hayo mawili huonekana wazi zaidi katika hadithi za sumu, kwa kuwa sumu haina kishindo cha bunduki wala damu ya kisu. Kila aliyegusa chungu, kikombe au chupa anaweza kushukiwa.

Agatha Christie alilijua hilo tangu kitabu chake cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles, kilichotoka mwaka 1920. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini kwao Torquay, Uingereza, kwa hiyo sumu alizifahamu kwa kuzipima na kuzichanganya. Asiyekisoma kitabu hicho na anataka kukisoma aruke aya mbili zinazofuata.

Bibi tajiri anakufa kwa striknini katika nyumba kubwa ya kijijini. Usiku ule alipelekewa kakao chumbani, na mtumishi wa nyumba anakumbuka kuona chembe nyeupe kwenye sinia, akadhani ni chumvi. Msomaji anaikamata kakao na haiachii. Inapimwa, haina striknini. Poirot, mpelelezi wa hadithi, anaipima upya kwa swali jingine, na kweli kuna kitu ndani: dawa ya usingizi. Mke wa mtoto wa kambo wa marehemu aliitia ili bibi asiamke wakati yeye anaingia chumbani kutafuta karatasi aliyodhani inahusu siri za mumewe. Striknini ilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kuongeza nguvu ambayo bibi alikuwa akiinywa kila siku. Mtu alitia bromidi humo, striknini ikazama chini, na dozi ya mwisho ikawa ya kuua.

Kakao ile ndiyo somo lenyewe. Christie hakubandika chembe nyeupe kwenye sinia ili kutuchezea tu. Zilikuwepo kwa sababu ya kweli, zilitiwa na mtu wa kweli mwenye shida yake, na shida hiyo ina hadithi yake kamili. Ukiyaondoa mauaji kitabuni, kakao bado ingetiwa dawa usiku ule. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: dokezo la kuzuga lazima liwe jibu sahihi la swali jingine.

Turudi kwa mke mdogo. Alikuwa anafukia nini? Kwetu jibu halihitaji kutafutwa mbali: alimtilia mumewe limbwata. Mzee alikuwa ameanza kumkimbia, mganga akampa kikaratasi chenye unga wa kijivu, naye akauchanganya kwenye mchicha. Mume alipofariki usiku uleule alijua moyoni kwamba yeye ndiye aliyemuua. Hapo mwandishi anapata zawadi kubwa. Anaweza kuingia kichwani mwa mwanamke huyu bila kuficha lolote. Anaweza hata kumwachia aseme, peke yake jikoni, “Nimemuua mume wangu.” Msomaji atakapoisoma sentensi hiyo mara ya pili, ataikuta bado ni kweli, kwa sababu ndivyo mwanamke alivyoamini.

Lakini kuna mpaka. Kauli ya mhusika inaruhusiwa kukosea. Sauti ya msimulizi hairuhusiwi. Mwandishi akiandika “alitia unga wa kijivu”, ameripoti kilichoonekana. Akiandika “alitia sumu”, amesema uongo, na hakuna sura ya mwisho itakayomwokoa. Hali ni hiyohiyo kwa muuaji halisi. Katika hadithi yetu ni mpwa wa mzee, ambaye alimtilia dawa ya kuulia wadudu wa shambani kwenye kahawa barazani, jioni ileile. Ukiamua kusimulia kutoka kichwani mwa mpwa huyu huku anaomboleza, na mawazo yake yakawa safi kama ya asiye na hatia, umedanganya. Afadhali umwonyeshe kwa nje tu: mikono yake, maneno yake, namna anavyobeba jeneza.

Sasa deni la pili. Anayeongoza macho kushoto anadaiwa kuacha kitu kulia, mahali ambapo msomaji angeweza kukiona. Sumu yenyewe inatusaidia hapa. Dawa nyingi za kuulia wadudu hutoa jasho jingi, hujaza mate mdomoni na kuzifanya mboni za macho ziwe ndogo, na dalili huweza kuanza mapema. Basi kabla ya chakula, mzee anaporudi kutoka barazani, iandikwe kwamba alijifuta jasho kwa mkono wa kanzu, ingawa ni Julai na upepo ni wa baridi, kisha akateta na mke mkubwa kuhusu mbuzi aliyepotea. Ugomvi wa mbuzi utalifunika jasho. Dokezo la kweli hujificha vizuri kabla ya kelele. Likiwekwa baada yake, msomaji ametulia na ataliona.

Ongeza moja tu la kuthibitisha: mabaki ya mchicha yalimwagiwa kuku usiku ule, na siku ya mazishi kuku wale wanachakura uani kati ya miguu ya waombolezaji. Mwandishi awataje kwa sentensi moja na asirudi kwao mpaka mpelelezi awakumbuke. Msomaji makini angeweza kusimama hapo na kusema, basi chakula kilikuwa salama.

Wengi huharibu mwishoni. Muuaji anatajwa, anakamatwa, kitabu kinafungwa, na kile kilichofukiwa nyuma ya jiko hakielezwi tena. Huo ni wizi. Siri ya limbwata ifumbuliwe kabla ya ile ya mauaji, pengine ikibaki theluthi moja ya hadithi, na ifumbuliwe kwa gharama: kikaratasi kifukuliwe mbele ya mashemeji, mwanamke aone haya, mganga aitwe. Hapo msomaji anapoteza mshukiwa wake wakati bado ana nafasi ya kufikiri upya, na jasho la mzee linaanza kumrudia.

Kama una mswada wa namna hii, mpe mtu asiyeijua hadithi, na umwombe asimame kabla ya sura ya ufumbuzi. Muulize anamshuku nani na kwa nini. Akimtaja mke mdogo kwa sababu ya sufuria, mzugo umefanya kazi. Akishamaliza kusoma, mrudishie kurasa za mwanzo na umwonyeshe kanzu, jasho na kuku. Akisema “kumbe ilikuwa hapa!”, usibadili neno. Akisema “hukuniambia”, usibishane naye. Rudi mezani ukamwandikie.