Ufungiaji wa anwani ya IP katika michezo ya mtandaoni

Ufungiaji wa anwani ya IP ni hatua ya msimamizi wa seva ya mchezo kuzuia kila anayeingia kwa kutumia anwani fulani ya intaneti. Hatua hii humlenga mkosaji mmoja, lakini mara nyingi huwapata pia wachezaji wasio na kosa wanaotumia anwani hiyohiyo.

## Kwa nini watu wengi hutumia anwani moja

Anwani za toleo la nne (IPv4) hazifiki bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Kwa hiyo watoa huduma wengi, hasa wa simu, huwapa wateja anwani za ndani, kisha huwatoa nje kwa anwani moja ya pamoja. Mwaka 2012 anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa kwa kazi hiyo. Mteja akiona anwani ya namna hiyo kwenye upande wa nje wa ruta yake, ajue kwamba anwani yake ya nje anaitumia pamoja na wengine.

## Mfano wa Minecraft

Tuseme mchezaji Juma ameharibu majengo ya wenzake, naye ameingia kwa anwani 203.0.113.7. Msimamizi anaandika:

```
/ban-ip 203.0.113.7
```

Papo hapo, kila aliye mchezoni kwa anwani hiyo hutolewa. Asha, mteja wa kampuni ileile ya simu, akijaribu kurudi husoma “Your IP address is banned from this server”, yaani anwani yake imefungiwa. Juma mwenyewe, akizima na kuwasha data, huenda akapewa anwani nyingine na kuingia tena, kwa sababu akaunti yake haikufungiwa.

## Njia zenye haki zaidi

Njia ya kwanza ni kufungia akaunti kwa amri `/ban Juma`. Seva hukumbuka namba ya utambulisho ya akaunti, hivyo kubadili jina hakumsaidii mkosaji. Kinga hii ina nguvu pale tu `online-mode=true` imewekwa. Bila hiyo seva haihakiki akaunti, na mtu yeyote huweza kuja na jina jipya.

Mkosaji akirudi kwa akaunti nyingine, msimamizi atazame kwanza kumbukumbu za seva. Kwenye Linux:

```
zgrep -F "/203.0.113.7:" logs/*
```

Majina mengi yasiyohusiana yakitokea, anwani hiyo ni ya pamoja na haifai kufungiwa. Likitokea jina moja tu, bado si uthibitisho, kwani jirani wa mtandao huenda hajawahi kuingia kwenye seva hiyo.

Ikilazimu kufungia anwani, iwe kwa muda mfupi. Amri yenyewe huweka kifungo cha milele, lakini katika faili `banned-ips.json` neno `forever` kwenye sehemu ya `expires` linaweza kubadilishwa kuwa tarehe ya mwisho, seva ikiwa imezimwa. Aliyeonewa hufunguliwa kwa amri `/pardon-ip`.