Dadu Lisilorushwa

Bakgamoni, ambayo kwenye mikahawa ya Uarabuni huitwa tawla, huchezwa kwa dadu mbili. Wanaocheza kwa pointi au kwa pesa huongeza la tatu, ambalo halirushwi kamwe. Nyuso zake zina namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64, na lilizuka New York katika miaka ya 1920. Zamu yako ikifika, kabla hujarusha, unaweza kumsogezea mwenzako dadu hilo upande wa 2. Maana yake ni kwamba unataka dau liwe maradufu. Akikataa, mchezo umekwisha na amepoteza dau la awali. Akipokea, mnaendelea kwa dau la mara mbili, na dadu linakuwa lake: ni yeye tu mwenye haki ya kuzidisha tena.

Wageni wa mchezo hukataa mapema mno. Wanajiona nyuma, basi wanakunja bao. Lakini fikiria michezo minne inayofanana. Ukikataa yote, umepoteza pointi 4. Ukipokea yote, ukafungwa mitatu na kushinda mmoja, umepoteza 6 na kupata 2, yaani umebaki na hasara ileile ya 4. Kwa hiyo mwenye nafasi moja kati ya nne hana sababu ya kukimbia, na kwa kuwa dadu limebaki mkononi mwake, hata 22 kati ya 100 kwa kawaida humtosha.

Nafasi hiyo utaijuaje? Anza na hatua. Kila kete ina hatua kadhaa za kwenda mpaka itoke ubaoni. Jumlisha za kete zako zote 15. Mwanzoni kila mchezaji ana 167. Kete zikishapishana, hakuna tena wa kumpiga mwenzake, zimebaki mbio tupu, na hapo kuna kanuni nyepesi: zidisha ukiwa umetangulia kwa asilimia 8 ya hatua zako mwenyewe, na mwenzako apokee mradi hajaachwa kwa zaidi ya asilimia 12.

Hapo ndipo hatua 10 zinapokuwa na sura tatu. Wewe una 140 na mwenzako 150: subiri, bado mapema. Una 100 naye ana 110: zidisha, naye apokee. Una 80 naye ana 90: zidisha, naye akatae, japo kwa tofauti ndogo sana. Pengo ni lilelile, ila njia ya kulifidia imefupika. Mimi nimewahi kulipa gharama ya kutazama pengo peke yake bila kuuliza zimebaki ngapi.

Sasa turudi nyuma kidogo, kete zikiwa bado hazijapishana. Tuseme mwenzangu ana 100, mimi 114, naye amenisogezea dadu. Kwa mbio tupu nakataa: niko nyuma kwa asilimia 14, na nafasi yangu ni kama 18 kati ya 100. Lakini kete zake mbili za mwisho bado hazijapita mbele ya zangu. Akirusha vibaya atalazimika kuiacha moja pweke, nami nikiipiga inarudi kuanza safari upya.

Hatari hiyo huhesabika. Dadu mbili zina mirusho 36. Kete pweke iliyo hatua 6 mbele yangu hupigwa na mirusho 17: 11 yenye sita, kisha 5-1 na 4-2, kila mmoja kwa namna mbili, halafu 3-3 na 2-2. Ikiwa hatua 7 mbele, ni mirusho 6 tu. Ikiwa hatua 1, ni 11. Ndiyo maana mjuzi akilazimika kuiacha kete hujitahidi kuiacha mbali ya hatua 6, au basi karibu kabisa.

Nirudi kwenye ile michezo 82 ambayo ningefungwa. Nikikadiria kwamba mara moja kati ya tatu ataacha kete pweke, hiyo ni kama 27. Nikiipiga kwa mirusho 11 kati ya 36, napata kama 8. Kupiga si kushinda; ondoa mmoja au miwili, hasa kama nyumba yangu ina mianya ya yeye kuingilia tena. Jumlisha na ile 18: nafikia 24 au 25.

Basi napokea. Naye hajakosea kuzidisha sasa, maana akingoja kete zake zipite salama ndipo asogeze dadu, nitakunja bao na ataondoka na pointi moja tu.