Lupitalo ya kidogo: nani alipe ngapi?

Tupige hesabu ya lupitalo ya kidogo hapa Katuba. Tuseme inapokea wagonjwa 100 kwa mwezi. Dawa, mishahara na nyumba vinakula falanga 1,000,000. Njo kusema 10,000 kwa kila mgonjwa, na mjane hana.

Basi wajane na wasio na kazi 30 walipe 5,000, wengine 40 walipe 10,000, wenye boni ya kampani 30 walipiwe 15,000 (kampani haitalia). Hesabu inatimia. Lakini wenye boni wakibaki 20, wa katikati 30, na wa 5,000 wakifika 50, kunakosekana 150,000. Njo maana tunaomba fishi zihesabiwe kila posho, mbele mishahara haijachelewa. Na bei iandikwe kwenye fishi, isiulizwe mbele ya batu: haya inafukuza mgonjwa.