Wagonjwa 15 na Toleo la Waraka

Ripoti ya majaribio ya dawa za Ebola yaliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina ina jambo linaloweza kumtatiza msomaji makini. Penye ulinganisho mmoja, waliopewa ZMapp ni 169; penye mwingine ni 154. Hakuna mgonjwa aliyepotea. Wale 15 wametenganishwa na toleo la waraka.

Majaribio hayo, Pamoja Tulinde Maisha, yaliongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, na wagonjwa walianza kuandikishwa tarehe 20 Novemba 2018. Itifaki, yaani waraka unaoeleza nani aandikishwe, apewe nini na afuatiliwe vipi, ilianza na dawa tatu: ZMapp, remdesivir na mAb114. Baadaye ikarekebishwa ili kuongeza ya nne, REGN-EB3.

Itifaki huwa na namba ya toleo na tarehe, na ikishaidhinishwa haiguswi kwa kalamu. Anayetaka kubadili kitu hukiandika na kukipeleka kwenye kamati ya maadili. Kikikubaliwa, hutoka toleo jipya. La zamani huondolewa wodini lakini hutunzwa. Ugumu hasa uko kwenye karatasi zinazoitegemea itifaki. Dawa ikiongezwa, orodha ya kura ya kumpangia mgonjwa dawa hubadilika, na fomu ya ridhaa lazima ibadilike pamoja nayo, siku ileile, katika kila kituo. Kura mpya ikitangulia, mgonjwa atatia sahihi kwenye fomu yenye dawa tatu, kisha apangiwe ya nne ambayo hakuelezwa. Mkaguzi hulibaini kosa hilo kwa kulinganisha namba ya toleo iliyo kwenye fomu, tarehe toleo hilo lilipoanza kutumika, na tarehe ya sahihi.

Wale 15 waliandikishwa kabla REGN-EB3 haijaingia kwenye kura. Katikati ya mlipuko, wagonjwa na huduma hubadilika mwezi hadi mwezi. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kwa hiyo REGN-EB3 ililinganishwa na wale tu waliopigiwa kura ileile. Kwa mAb114, iliyokuwamo tangu mwanzo, wote 169 walihesabiwa.

Kati ya hao 169, walifariki 84 ndani ya siku 28, yaani asilimia 49.7. Kati ya 154 walifariki 79, asilimia 51.3. Upande wa REGN-EB3 walifariki 52 kati ya 155, asilimia 33.5. Kuwaingiza wale 15, ambao watano kati yao walifariki, kungepunguza pengo kutoka pointi 17.8 hadi takriban 16. Uamuzi usingegeuka, lakini hakuna aliyeweza kulijua hilo mapema, na bila kujua kila mgonjwa aliandikishwa chini ya toleo lipi, wale 15 wasingeweza kutenganishwa.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilishauri ZMapp na remdesivir ziachwe. REGN-EB3 iliidhinishwa Marekani Oktoba 2020, na mAb114 Desemba mwaka huohuo.