Kujumlisha Saa za Ajira Mbili: Kwa Nini Jumla ya Wiki Haitoshi Kuthibitisha Mapumziko

Mfanyakazi mwenye ajira mbili huwa na madaftari mawili ya mahudhurio, na kila daftari likikaguliwa peke yake huweza kuonekana safi. Makala hii inaeleza namna ya kuyasoma madaftari hayo kwa pamoja, kwa kutumia Agizo la Umoja wa Ulaya namba 88 la mwaka 2003. Agizo hilo linataka wastani wa kazi usizidi saa 48 kwa wiki, na katika kila kipindi cha saa 24 mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 11 mfululizo.

Msingi wa kisheria wa kujumlisha uliwekwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 17 Machi 2021, katika shauri namba C-585/19 lililohusu Chuo cha Masomo ya Uchumi cha Bukaresti, nchini Rumania. Wataalamu wa chuo hicho walikuwa na mikataba zaidi ya mmoja na mwajiri yuleyule, na siku nyingine saa zao za mikataba yote zilivuka 13. Mahakama iliamua kwamba mapumziko ya kila siku hupimwa kwa mikataba yote ikichukuliwa pamoja. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: muda hauwezi kuwa kazi na mapumziko kwa wakati mmoja. Saa zinazohesabiwa kuwa mapumziko chini ya mkataba wa kwanza, ilhali mtu yuko kazini chini ya mkataba wa pili, si mapumziko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyakazi anafua nguo hospitalini Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, yaani saa 35 kwa wiki. Jumanne na Alhamisi anahudumu mapokezi ya hoteli kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku, yaani saa 12. Jumla ni saa 47, na mkaguzi anayeishia hapo atapitisha ratiba hiyo. Hata akihesabu saa za Jumanne atapata 13, na zilizobaki katika saa 24 ni 11 kamili. Hapa ndipo wengi hupotea. Saa hizo 11 zimekatika vipande viwili: 2 kati ya hospitali na hoteli, na 9 kutoka saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi ya Jumatano. Agizo linadai saa 11 mfululizo. Kwa hiyo ratiba imevunja kanuni mara mbili kila wiki, ingawa jumla zote ni sahihi.

Kwa hiyo ukaguzi usianze na kujumlisha. Uanze kwa kuweka zamu za ajira zote katika mstari mmoja wa wakati, kwa mpangilio wa kuanza kwake, kisha ipimwe nafasi kati ya mwisho wa zamu moja na mwanzo wa inayofuata. Daftari la hospitali linaonyesha pengo la saa 17 usiku wa Jumanne, na la hoteli linaonyesha saa 42 hadi Alhamisi. Pengo la saa 9 halimo katika lolote kati ya hayo mawili. Wiki nayo hupimwa kwa wastani wa kipindi kinachoweza kufika miezi 4, hivyo wiki moja yenye saa 50 haithibitishi kosa, lakini usiku mmoja wenye pengo fupi unatosha kuhitaji maelezo.

Hospitali ikisogeza zamu za Jumatano na Ijumaa zianze saa 3 asubuhi, pengo linakuwa saa 11 bila mfanyakazi kupoteza saa hata moja ya malipo. Lakini kwa nini isogeze hospitali na si hoteli? Shauri la Bukaresti halijibu, kwani Mahakama ilikataa kulijadili suala la waajiri tofauti. Ujerumani imelijibu kwa sehemu: kifungu cha 2 cha Sheria yake ya Muda wa Kazi kinaamuru saa za waajiri kadhaa zijumlishwe.

Kwetu swali hili liko wazi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kikomo cha saa 12 kwa siku, na mapumziko ya saa 12 mfululizo; ila katazo lake linamwelekea mwajiri asimtake wala kumruhusu mfanyakazi kuzidisha. Mwajiri asiyejua kazi ya pili ni vigumu kusemwa kwamba ameiruhusu. Kwa maoni yangu, kanuni ya kujumlisha haitatekelezeka bila wajibu wa taarifa, na taarifa hiyo ihusu saa za kuanza na kumaliza tu. Mshahara wa upande wa pili hauhitajiki katika hesabu, na kuudai kutawafanya wafanyakazi waifiche ajira yenyewe.