Harusi ya Toronto kwenye runinga ya Mombasa

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliniletea kanda ya VHS pamoja na DVD. Kanda ilirekodiwa Toronto mwaka 1996, siku mwanawe alipooa. DVD alitengenezewa na duka fulani miaka mingi baadaye, ili harusi aione kwenye runinga yake. "Hebu nitazamie, mwanangu," akaniambia. "Mbona bwana harusi anaingia ukumbini na mzuka wake?"

Hakukosea. Niliipeleka DVD ile picha moja moja. Takriban katika kila picha tano, moja ilikuwa safi, na nne zilikuwa na miguu minne badala ya miwili, ule mguu wa pili ukionekana kama moshi. Hesabu hiyo peke yake ilinitajia njia aliyotumia fundi.

Kanada, kama Marekani, ilitumia mfumo wa NTSC. Kenya, Tanzania na Oman zilitumia PAL. Umeme wa Amerika Kaskazini hupiga mara 60 kwa sekunde na wa kwetu mara 50, na runinga za mwanzo zilifuata mwendo wa umeme wa mahali pake. Rangi ilipoingia Marekani mwaka 1953, ile 60 ilipunguzwa kidogo ikawa 59.94, nasi mafundi tunaburura desimali hiyo hadi leo.

Kinachohesabiwa hapo si picha nzima, ni nusu-picha. Kamera ya zamani ilichukua kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, zikapishana kama kili za mkeka. Nusu mbili zinafanya fremu moja, lakini hazikupigwa kwa wakati mmoja: kati yake mtu anayetembea ameshasogea. Ndiyo maana ukiisimamisha video kama hiyo kwenye kompyuta, kingo za kitu kinachokwenda huwa na meno kama chanuo. Fremu ya NTSC ina mistari 480 ya kuonekana, ya PAL ina 576.

Sasa fundi ana nusu-picha 60 mkononi, tuseme hivyo kwa wepesi, na runinga inataka 50. Akitupa moja katika kila sita, mwendo unaruka mara 10 kwa sekunde. Kamera ikizunguka ukumbini, ukuta unashikwa na kigugumizi. Akitaka kukificha kigugumizi hicho, anachanganya picha mbili jirani kuwa moja, na hapo ndipo mizuka inapozaliwa. Picha ya tano huangukia karibu na wakati wa picha halisi, ndiyo maana hutoka safi. Zile nne hazina wakati wake kwenye kanda, kwa hiyo hupikwa kwa kuchanganya. Jicho likitazama haraka haliioni miguu minne, linaona ukungu tu, na watu husema kanda imechakaa.

Kanda ya bibi haikuwa imechakaa. Niliichezesha kwenye deki inayosoma mifumo yote, nikainasa kwa mfumo wake wa asili, NTSC, fremu 29.97 kwa sekunde, mistari 480, meno ya chanuo yakiwemo, kwa mbano usiopoteza kitu. Faili la namna hiyo hula gigabaiti 30 na zaidi kwa saa. Mara ya kwanza picha ilitoka bila rangi, nikajua deki inatoa ile NTSC ya mseto iliyokusudiwa runinga za PAL. Nikabadilisha swichi yake, rangi ikarudi. Jambo jingine nililolichunga ni kihesabio cha fremu zilizopotea wakati wa kunasa. Kikipanda, simamisha, rudisha kanda nyuma, anza upya. Fremu iliyopotea hapo huacha mruko usiotibika mbele ya safari.

Baada ya hapo ndipo nusu-picha zinatenganishwa, na kila moja inajengwa kuwa picha kamili kwa kukadiria mistari inayokosekana kutoka kwa jirani zake. Maduka mengi hukosea hapa. Hubakiza nusu moja na kuitupa nyingine, na bibi anapoteza mambo mawili kwa pamoja: ulaini wa mwendo na nusu ya mistari ya picha. Wengine huikuza video kutoka mistari 480 hadi 576 kabla ya kuzitenganisha nusu, meno yakasagika ndani ya picha yasiweze kutolewa tena. Amri niliyotumia ni hii:

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff,setdar=4/3" -pix_fmt yuv420p -c:v libx264 -crf 17 -c:a aac harusi60.mp4
```

Neno `send_field` ndilo linaloagiza kila nusu itoe picha yake, tupate 59.94 kwa sekunde. `tff` inasema nusu ya juu ilitangulia. Ukikosea, ukiweka `tff` mahali pa `bff`, mtu atapiga hatua mbele, atarudi nyuma, kisha mbele tena. Fungua faili kwenye VLC, ubonyeze `e` kupita picha moja moja mahali mtu anapotembea, na utajua ndani ya sekunde chache.

Kwa maoni yangu, kazi ingeishia hapo. Simu, kompyuta na runinga bapa nyingi za leo huchezesha 59.94 bila shida, iwe uko Mombasa au Maskati. Kuigeuza iwe 50 ni desturi ya enzi za runinga za chogo, na watu wanaiendeleza kwa sababu programu imewawekea chaguo la PAL.

Lakini bibi bado ana runinga ya chogo, na mashine yake ya DVD haikubali diski ya NTSC. Basi ilibidi. Safari hii sikuchanganya. Programu ilipima kila kipande cha picha kimesogea kiasi gani kati ya picha mbili, kisha ikajenga picha ya katikati kwa kukiweka kipande pale ambapo kingekuwa kwa wakati ule. Kichujio chake ni `minterpolate=fps=50:mi_mode=mci`. Kilipomaliza nikaikuza picha hadi mistari 576, na mwisho nikaisuka tena kuwa nusu-picha, 50 kwa sekunde. Ukuzaji huo hauongezi chochote ambacho kamera haikukiona.

Muda haukubadilika, kwa hiyo sauti haikuguswa. Hicho ni kipimo kizuri cha kazi ya mtu mwingine: saa moja ya kanda ikirudi kwako ikiwa dakika 72, na sauti za watu zimekuwa nzito, jua fremu zilipunguzwa mwendo tu, hazikugeuzwa.

Bwana harusi akaingia ukumbini peke yake, miguu miwili. Mbinu hii ina mahali inaposhindwa, hata hivyo. Wanawake walipopiga makofi vidole viliyeyuka, maana mkono ulipita haraka mno mbele ya mkono mwingine na programu haikujua kipande kipi ni cha nani. Mwanga wa kamera za picha nao ulivuruga nyuso kwa kitambo. Sehemu hizo nilizitengeneza upya kwa kurudia picha badala ya kubuni. Katika makofi kigugumizi hakionekani sana.

DVD ikaenda kwa bibi. Wajukuu walipewa faili la 59.94 kwenye flashi, na lile kubwa la mwanzo liko kwenye diski ya familia. Juu ya kasha lake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: NTSC, nusu ya juu kwanza, halijageuzwa.